Mashine Isiyogonga

Somo langu la printa huchukua dakika ishirini, na nimelitoa mara nyingi kiasi kwamba naweza kulitoa huku nachambua mchicha. Anayeajiriwa dukani hukaa kwenye kiti cha plastiki, mimi nasimama kando ya meza, naanza na karatasi na namalizia na mambo ya marufuku. Watu husema nalitoa vizuri. Hawajui kwamba mara ya kwanza nililitoa vibaya, na kwamba aliyeumia kwa ubaya huo ni mama mmoja ambaye sikustahili hata kumbebea mkoba.

Ilikuwa Lindi mjini, katika miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa au kufungwa, na neno "kupunguzwa" likawa linatajwa majumbani kwa sauti ya chini, utadhani ni jina la ugonjwa. Mimi na yule mama tulipunguzwa siku moja. Barua zetu zilifanana neno kwa neno, na aliyezipiga chapa ni yeye mwenyewe. Alipiga barua za kutuachisha kazi wote wa chumba cha taipu, ya kwake akaifanya ya mwisho, na haikuwa na kosa hata moja. Nilikasirika sana siku ile. Nilimwambia mimi ningepiga makosa makusudi, wazirudie wenyewe. Akanijibu kwamba karatasi haikumkosea kitu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nilifika pale shirikani nimetoka kidato cha nne, vidole vigumu, kiburi tele. Chumba chetu kilikuwa na mashine za chapa pande zote mbili, na zikilia pamoja hukuweza kusikia hata muadhini. Yeye alikaa karibu na dirisha. Alikuwa na sifa moja iliyojulikana hadi mkoani: kopi zake za kaboni. Akiweka karatasi ya juu, kisha kaboni, kisha karatasi, kisha kaboni, mpaka rundo linakuwa nene kama andazi, akalipigapiga mezani lipate kulingana kingo, akalizungusha kwenye mashine, basi hata kopi ya tano ilisomeka. Wengine kopi yetu ya tatu ilikuwa ukungu mtupu. Siri yake ilikuwa mkono. Alijua kila mashine mle chumbani inagonga kwa nguvu kiasi gani, na kabla ya kukubali kazi yenye nakala nyingi alikuwa anauliza kwanza amepangiwa mashine ipi.

Mwezi wangu wa kwanza niliweka kaboni kichwa chini miguu juu. Nikapiga barua nzima ya meneja, kurasa mbili, na nilipoitoa nikakuta maandishi yamejichapa kinyumenyume mgongoni mwa barua yenyewe, na nakala nyeupe pee. Meneja alikuwa mlangoni anaisubiri. Yule mama akaichukua mkononi mwangu, akamwambia meneja, "Samahani baba, nimechanganya kaboni, nipe robo saa." Akaipiga upya. Mimi nilikaa pale natazama vidole vyangu. Hakunitajia jambo lile tena, wala hakuwahi kulitumia kunishinda kwenye ubishi, na tulibishana mara nyingi.

Baada ya kupunguzwa nilikwenda Dar kwa kaka yangu, nikajifunza kompyuta wiki sita, nikarudi Lindi. Nikapata kazi kwenye duka moja la daftari na vifaa vya ofisi. Mwenye duka alikuwa ametoka zake Newala na magunia ya korosho, akafanya biashara hii na ile, mwisho akaangukia kwenye karatasi. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye wasiwasi. Pembeni mwa duka aliweka kompyuta moja na printa moja ya leza, na juu ya printa mkewe akaweka kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua kila pembe, kama vile tunavyofunika redio. Vita yangu ya kwanza pale dukani ilikuwa kukiondoa kitambaa kile. Printa inapumua, nilimwambia, ukiifunika inapofanya kazi inajichemkia ndani. Kitambaa kikahamia kwenye kiti cha wateja.

Kazi zilipozidi akasema anataka watu wawili wa kunisaidia. Mmoja alikuwa binti aliyemaliza shule juzi, mjuaji, aliyeongea kama vile anaishi Kariakoo wakati kwao ni mtaa wa pili. Wa pili nilimwombea mimi. Yule mama alikuwa anakaa Mitwero, mumewe ana kisukari na mguu umeshakatwa, na mjukuu wake wa kike alikuwa kidato cha pili, mwenye akili kweli. Ada ya yule mtoto ilitegemea mikono ya bibi yake tu. Kazi ikipatikana, mtoto anaendelea. Isipopatikana, anarudi nyumbani kukaa. Mwenye duka alisita, akasema mama ni mtu mzima, ataziweza hizi mashine? Nikajibu kwa jeuri kwamba alipokuwa anaanza kupiga chapa, mimi na yeye mwenye duka tulikuwa bado tunafunzwa kula kwa mkono wa kulia. Akacheka, akakubali, kwa majaribio ya miezi mitatu.

Nikawakalisha wote wawili asubuhi ya Jumatatu. Nilimsalimia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, kisha akatoa miwani na kijidaftari. Nakumbuka kile kijidaftari. Alikuja na penseli mbili zilizochongwa, kama vile yeye ndiye aliyemaliza shule juzi.

Nilianza na rimu. Nikawaonyesha mshale kwenye ganda la rimu, unaoonyesha upande upi uchapwe kwanza. Nikasema rimu isifunguliwe mpaka ile ya zamani imalizike, maana hapa kwetu hewa ya bahari inaingia kwenye karatasi, karatasi ikinyonya unyevu inajikunja na kukwama. Chukua karatasi za kutosha tu, zichanue kama karata ili zisigandane, na usilambe kidole, mate ni maji. Zigongegonge mezani kingo zilingane. Hapo yule mama akatabasamu, maana hilo alilijua kuliko mimi. Vuta trei, weka karatasi zisipite alama ya juu, kisha sogeza vile vizuizi vya pembeni viguse karatasi bila kuibana. Vikilegea, karatasi inaingia upande. Vikibana, inajikunja katikati.

Nikawaonyesha kitundu cha mbele, cha kulishia kwa mkono. Nikasema: "Kitu kinene, kama bahasha au kadi, hakipiti kwenye trei. Pitisha hapa." Naiandika sentensi hii kama nilivyoisema, kwa sababu nimeirudia kichwani miaka mingi. Nilipaswa kusema karatasi moja moja. Sikusema.

Kisha nikafungua kifuniko. Hii hapa tona, nikasema, ni wino wa unga. Ukimwagika futa kwa kitambaa kikavu, ukishika nguo kung'uta halafu fua kwa maji baridi, ya moto yataugandisha. Hii silinda ya kijani, inaitwa ngoma, usiiguse kwa kidole wala usiiache kwenye mwanga, ukitoa tona ifunike. Chapa zikianza kufifia, itoe, itikise taratibu kushoto na kulia, irudishe, utapata kurasa kadhaa tena. Na huku nyuma kuna roli za moto. Unga unawekwa kwenye karatasi kwanza, halafu roli hizi zinauyeyusha ushike. Moja ina utando mwembamba unaoizunguka, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na ndiyo roho ya mashine. Taa ikiwaka kwamba karatasi imekwama, usiivute kwa hasira. Fungua, toa tona, vuta kwa mikono miwili, polepole, kuelekea inakokwenda. Ikikatika ndani, zima, subiri ipoe, niite.

Nikamalizia na marufuku. Usirudishe karatasi yenye pini. Usipitishe plastiki, itayeyuka humo ndani. Usiichomeke printa kwenye ile betri ya kompyuta, inavuta umeme mwingi. Na la mwisho nililisema nimeinua kidole, nikijiona mwalimu kweli: usiingize chuma chochote ndani ya mashine hii. Si kisu, si mkasi, si rula. Hata iwe nini.

Yule mama alikuwa ameandika yote. Akainua uso, akauliza, "Na inagonga kwa nguvu kiasi gani, hii?"

Binti akaangua kicheko. "Mama naye! Haigongi chochote hii, siyo mashine ya kukoboa."

Na mimi nikacheka. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuipamba. Nilicheka, nikasema, "Hee mama, hii ni ya kisasa, utaizoea tu," nikaenda kumhudumia mteja wa daftari. Katika mji mzima wa Lindi ni mimi peke yangu niliyeweza kulielewa swali lile. Nilikaa naye chumba kimoja miaka tisa nikimsikia kila asubuhi yenye kazi kubwa akiuliza amepangiwa mashine ipi. Na hii alikuwa anauliza itatoa kopi ngapi kwa kaboni. Nilicheka na mtoto aliyezaliwa juzi, na yule mama akafunga kijidaftari chake na hakuuliza tena swali lolote kuhusu mashine ile.

Alijifunza haraka kuliko nilivyotegemea. Kuchapa kwenye kompyuta kulimsumbua kidogo, alikuwa anazipiga zile herufi kwa nguvu mpaka meza inatikisika, lakini karatasi zake hazikukwama hata siku moja. Binti alikwamisha kila siku. Mwenye duka akaanza kumwita "mama mtaalamu". Wiki ya tano nikajisemea kwamba mambo yamenyooka, na jioni ile nilinunua samaki mkubwa bila sababu.

Masika yakaja. Barabara ya kwenda Dar ikakatika kama ilivyokuwa ikikatika kila mwaka, mabasi yakalala njiani, na tona yetu ya akiba ilikuwa huko huko njiani. Iliyomo ndani ya printa ilikuwa imeshatikiswa mara mbili. Mwenye duka akawa anazunguka mezani kwetu kama kuku anayetaka kutaga. "Jamani, wino," alisema. "Kila ukurasa ni wino. Tupige yale ya lazima tu. Fikirini kabla hamjabonyeza." Alisema hivyo asubuhi, mchana na jioni, na yule mama, kama ilivyokuwa tabia yake, alichukua neno la mkubwa na kulifanyia kazi.

Siku yenyewe mimi nilikwenda msibani, mtaa wa nyuma, mara baada ya adhuhuri. Binti alikuwa ametumwa stendi kuulizia mzigo. Nikamwachia mama duka. Alikuja mzee mmoja, katibu wa kamati ya msikiti, amevuka ghuba kutoka Kitunda na barua ya mkono ya mgogoro wa kiwanja, anataka ichapwe nakala tatu: ya mkuu wa wilaya, ya ardhi, na ya jalada lao. Mashine ya fotokopi hatukuwa nayo. Nakala tatu ni kurasa tatu za wino.

Yule mama alifikiri kabla ya kubonyeza. Dukani tulikuwa tunauza kaboni, pakiti zake zilikaa rafu ya chini, bado wapo waliokuwa wakizinunua. Akachukua mbili. Akapanga karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, karatasi, upande wenye wino ukitazama chini kama inavyotakiwa. Akalipigapiga rundo mezani likalingana. Akajua ni kitu kinene, kwa hiyo hakipiti kwenye trei. Akasogeza vizuizi vya kitundu cha mbele viguse bila kubana. Alifuata kila neno nililomfundisha. Kisha akabonyeza, achape mara moja apate tatu.

Nilirudi nikaisikia harufu kabla sijaingia, harufu ya mshumaa uliozimwa. Mzee wa Kitunda alikuwa amekaa kwenye kile kitambaa cha kufuma, ameshika barua yake aliyoiandika kwa mkono, haelewi kitu. Yule mama alikuwa amesimama mbele ya printa, vidole vyeusi mpaka kwenye vifundo. Kifuniko kilikuwa wazi. Tona ilikuwa imetolewa na imefunikwa khanga yake, kama nilivyofundisha. Karatasi alikuwa amezitoa kwa mikono miwili, polepole. Lakini kaboni ilikuwa imeyeyuka kwenye roli za moto na kipande kimoja kimejizungusha humo ndani, hakionekani mwisho wake.

"Nimeizima, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nangoja ipoe, nikuite."

Nilimuuliza kwa ukali ameweka nini. Akanionyesha. Nikaelewa lile swali lake wakati huo huo, nimesimama pale na viatu vya msibani, na nilisikia aibu iliyonipanda mpaka masikioni. Nilimwambia, "Mama, mashine hii haigongi. Inalaza unga tu juu ya karatasi. Kaboni bila kugongwa ni nta tu."

"Basi ungeniambia," akasema. Hakulisema kwa hasira, alilisema kama mtu anayetaja kitu kilichosahauliwa sokoni.

Mwenye duka alikuwa amekwenda benki. Angerudi wakati wowote. Miezi mitatu ya majaribio ilikuwa bado haijatimia, na mimi nilimwona yule mjukuu akitembea kurudi Mitwero na sanduku la bweni kichwani, hivi hivi, mchana kweupe. Nilitaka kitu kimoja tu, ile kaboni itoke kabla mwenye duka hajaingia. Kama ningetulia ningekumbuka kwamba nta ikipoa kidogo hufutika kwa kitambaa, na inayobaki huondoka kwa kupitisha karatasi tupu nyingi, moja baada ya nyingine. Sikutulia. Niliona ncha ya kaboni imechomoza kidogo kando ya roli, vidole havikuifikia. Nikachukua rula ya chuma.

"Ulisema chuma hapana," akasema yule mama.

"Shika kifuniko," nikamjibu.

Akashika. Nikaingiza rula, nikabenua, ncha ikaja kidogo, nikabenua tena. Nikasikia kitu kinachanika. Sauti ndogo sana. Nikavuta, na kaboni ikatoka yote, na pamoja nayo ule utando mwembamba ukawa umefunguka ufa kutoka pembeni mpaka karibu na katikati. Nilirudisha rula kwenye kopo la kalamu, na hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba mkono wangu ulijua kuirudisha mahali pake.

Tukarudisha tona, tukawasha, tukajaribu. Karatasi ya kwanza ikatoka na mistari myeusi na unga usioshika, ukipitisha kidole maneno yanafutika. Ya pili haikutoka. Ndani kukawa kunakwaruza. Mzee wa Kitunda akasimama, akasema, "Mola atusahilishie sote," akaondoka na barua yake ya mkono.

Mwenye duka akaingia. Alisikia harufu, akaona vidole vya mama, akaona kaboni mezani. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akauliza, "Nani?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Yule mama akanitangulia. "Mimi, baba. Niliweka kaboni, nikidhani naokoa wino."

"Na roli zimeharibika?"

"Zimeharibika."

Akanitazama mimi, mtaalamu wake. Nikasema, "Itabidi aje fundi." Hayo ndiyo maneno yangu yote. Nilikuwa na watoto wawili wadogo na mume aliyekwenda Mtwara kutafuta maisha na bado anayatafuta. Sijifichi nyuma ya watoto, naeleza tu nilichofikiri.

Mwenye duka akamwambia mama aende nyumbani apumzike, ataitwa. Sote tulijua maana ya kuitwa. Nilimsindikiza mpaka kwenye kona ya soko, mvua inanyunya. Nikamwambia nitarudi nikaseme kweli. Akasimama, akanishika mkono kwa vidole vyake vyeusi.

"Ukasema nini? Kaboni niliweka mimi."

"Lakini rula..."

"Tukitoka wawili, nani atakuwa amepona? Rudi kazini, mwanangu. Usijifanye mtoto." Akajitanda khanga, ambayo nayo ilikuwa na unga wa tona, akaenda zake. Nilitaka kumwambia aifue kwa maji baridi. Nadhani nilimwambia. Nilirudi kazini.

Fundi alifika barabara ilipofunguka. Kijana mkimya, ana mkoba wa bisibisi. Alifungua printa juu ya gazeti, akatoa kile kisehemu cha moto, akakitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Akasema kaboni ameshawahi kuiona, kule Dar pia walianza hivyo hivyo, hiyo hufutwa na kazi ikaendelea. "Hii haikuuawa na kaboni," akasema. "Hii imechanwa. Kuna mtu aliingiza chuma."

Mwenye duka akatikisa kichwa. "Yule mama, maskini. Alihangaika kuitoa."

Fundi akanitazama, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu. Kopo la kalamu lilikuwa mbele yangu, na rula ndani yake. Ilikuwa nafasi ya pili, imeletwa mpaka mezani, na hapakuwa na mtu wa kunitangulia safari hii. Nilisema, "Nilishawaonya wasiingize chuma." Na ilikuwa kweli. Binti akaitikia kutoka kwenye kompyuta kwamba ndiyo, alionya, hata kidole aliinua.

Kifaa kipya kililetwa, printa ikapona, ikafanya kazi miaka mingine minne. Yule mama hakuitwa. Mjukuu alimaliza muhula ule, wa pili hakurudi shule. Niliwahi kupeleka kitu kidogo Mitwero, akakipokea kwa mikono miwili na kunipikia chai, na mtoto ndiye aliyeileta, ameinama kidogo, shikamoo mama mdogo. Mikono yake ilikuwa na unga wa ngano, walikuwa wanakaanga maandazi ya kuuza. Nikamwuliza, kwa ujinga tu, kama bado anapenda hesabu. Akasema anapenda. Bibi yake akasema chai inapoa. Sikurudi tena mara nyingi. Nikipita njia ile nilikuwa nachagua upande mwingine wa barabara, mpaka niliposikia mama amefariki, nikaenda kuzika nikakaa nyuma kabisa.

Sasa duka ni kubwa. Mwenye duka amezeeka, mambo ya mashine ameniachia yote, na zipo nyingi. Vijana wanakuja, wanakaa kwenye kiti cha plastiki, wananisikiliza nusu huku wanachezea simu. Nawaambia mshale wa rimu, nawaambia unyevu, vizuizi viguse bila kubana. Nawaambia kitundu cha mbele ni karatasi moja moja, narudia mara tatu. Na kwenye marufuku nimeongeza moja, niliiongeza wiki ile ile fundi alipoondoka: usiweke kaboni.

Mwezi uliopita nilikuwa na vijana watatu, na msichana mmoja wao akainua uso. "Kaboni ni nini, mama?"

Nikamweleza. Karatasi nyembamba, nyeusi, ya watu wa zamani, ilikuwa inatoa nakala kwenye mashine za kugonga. Akasema, makubwa, kwa hiyo kuna mtu alishawahi kuiweka humu?

"Yupo."

"Ikaharibika?"

Kopo la kalamu bado lipo mezani. "Ikaharibika," nikasema.

"Kwa hiyo ni yeye aliyeiua printa ya kwanza."

Walikuwa wananitazama wote watatu, kalamu mikononi, wanasubiri jibu waliandike.

"Ndiyo," nikasema. "Ni yeye." Nao wakaandika.